Kabla Kadi Haijafutwa: Kamera, Simu Moja na Hifadhi ya Wingu

Mpiga picha anayesafiri bila kompyuta huwa amezihifadhi picha zake zote ndani ya kadi ya kumbukumbu, na kwa muda wote ambao picha hizo hazijanakiliwa mahali pengine, kuharibika au kuibwa kwa kadi hiyo ni kupotea kwa kazi yote ya safari. Simu ya mkononi inaweza kuziondolea picha hatari hiyo, kwa kuwa inaweza kuzisoma kutoka kwenye kadi na kuzipeleka katika hifadhi ya wingu, yaani katika diski za kampuni fulani zilizo kwenye vituo vya data, ambazo mwenye akaunti huzifikia kwa njia ya intaneti kutoka popote alipo. Hata hivyo, njia hiyo ina maungio mawili, la kwanza kati ya kadi na simu na la pili kati ya simu na wingu, na katika kila ungio picha inaweza kupunguzwa ukubwa, kukatwa njiani au kubaki nyuma bila mwenyewe kutambua. Kwa hiyo swali la msingi si jinsi ya kuzipeleka picha winguni tu, bali ni jinsi ya kujua kwa hakika kwamba zilizofika ni zilezile zilizotoka kwenye kamera, kwa sababu uamuzi wa kuifuta kadi hutegemea jibu la swali hilo.

Mfano utakaotumika hapa ni wa mpiga picha anayekaa siku chache Kilwa Masoko, pwani ya kusini ya Tanzania, na kuvuka kwa mashua kila asubuhi kwenda Kilwa Kisiwani, ambako magofu ya Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza yamo, pamoja na yale ya Songo Mnara, katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Kamera yake ni ya megapikseli 24, ukubwa ulio wa kawaida katika kamera nyingi za sasa, na kila anapobonyeza huandika mafaili mawili. La kwanza ni picha ya JPEG, ambayo kamera imeishaichakata na kuibana, na ambayo kwa kamera ya namna hiyo huwa na takriban megabaiti 10. La pili ni picha ghafi, yaani kumbukumbu ya mwanga wote ulionaswa na kihisi cha kamera kabla haujachakatwa, na faili hilo hufikia takriban megabaiti 25. Ndani ya msikiti, ambako chini ya matao pana giza na nje jua la pwani linawaka, picha ghafi ina thamani kubwa kwa sababu huhifadhi maelezo ya sehemu za giza ambayo JPEG huyatupa. Akipiga picha 350 kwa siku, mafaili ya JPEG yatakuwa na gigabaiti 3.5 na yale ghafi gigabaiti 8.75, jumla yake ikiwa zaidi kidogo ya gigabaiti 12.

Ungio la kwanza, lile la kadi na simu, huhitaji kisoma kadi, kifaa kidogo chenye tundu la kadi upande mmoja na plagi ya simu upande wa pili. Uwezo wa simu kusoma kifaa cha nje kwa njia hiyo hujulikana kwa herufi OTG, nao umo katika simu nyingi za Android na katika simu za iPhone tangu toleo la iOS 13 la mwaka 2019, ambalo liliiwezesha programu ya Files kufungua diski na kadi za nje. Simu za iPhone 15 na zilizofuata hutumia plagi ya USB-C kama ilivyo kwa simu nyingi za Android, ilhali zilizotangulia hutumia plagi ya Lightning na huhitaji kisoma kadi cha aina yake. Katika baadhi ya simu za Android uwezo huu huwa umezimwa na hauna budi kuwashwa kwenye mipangilio, na zipo ambazo huuzima tena zenyewe baada ya dakika chache kifaa kisipotumika, hali inayomfanya mwenye simu adhani kwamba kisoma kadi ni kibovu.

Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo hutokana na mfumo wa mafaili, yaani utaratibu ambao kadi hutumia kupanga na kuorodhesha yaliyomo. Kadi zenye gigabaiti 4 hadi 32, ambazo huandikwa SDHC, hufomatiwa kwa utaratibu wa FAT32 unaosomeka karibu kila mahali, ilhali zilizozidi kiwango hicho, zinazoandikwa SDXC, hufomatiwa kwa utaratibu wa exFAT. Utaratibu huu wa pili ulikuwa chini ya leseni ya kampuni ya Microsoft, ambayo ilichapisha maelezo yake kwa wote mnamo Agosti 2019, na kwa sababu ya leseni hiyo simu kadhaa za Android, hasa za zamani na za bei nafuu, zilitengenezwa bila uwezo wa kuusoma. Simu ya namna hiyo ikiwekewa kadi ya gigabaiti 64 haisemi kwamba yenyewe haiujui utaratibu uliotumika, bali husema kwamba kadi imeharibika, kisha humshauri mwenyewe aifomati, yaani aifute na kuipanga upya. Kadi ni nzima na picha zote zimo, na anayekubali ushauri huo huzifuta kwa mkono wake mwenyewe. Ujumbe wa aina hiyo ukitokea, jibu sahihi ni kukataa, kuichomoa kadi na kuirudisha kwenye kamera ili kuthibitisha kwamba picha bado zinaonekana.

Kwa simu isiyosoma exFAT zipo njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kutumia kadi za gigabaiti 32 tangu mwanzo wa safari, na ya pili, ambayo wengi hawaifahamu, ni kuacha kisoma kadi na kuiunganisha kamera yenyewe na simu kwa waya wa USB. Kamera inapounganishwa hivyo huisoma kadi kwa uwezo wake na kuikabidhi simu picha mojamoja kwa lugha ya mawasiliano iliyobuniwa kwa ajili ya kamera, iitwayo PTP, au kwa ile pana zaidi iitwayo MTP, hivyo simu haihitaji kabisa kujua kadi imepangwaje. Kwenye iPhone picha hizo hutokea katika programu ya Photos, na kwenye simu nyingi za Android huonekana katika programu ya mafaili kana kwamba kamera ni folda. Njia hii hula betri ya kamera, na kamera iliyopangiwa kujizima baada ya dakika moja ya utulivu itakata kazi katikati, kwa hiyo mpangilio huo hubadilishwa kwanza.

Kadi ikishasomeka, picha hupatikana ndani ya folda iitwayo DCIM, ambayo kwa mujibu wa kanuni ya pamoja ya watengenezaji wa kamera hubeba folda ndogo zenye majina yanayoanza na tarakimu tatu, kama vile 100CANON kwa kamera za Canon au 100MSDCF kwa kamera za Sony. Kabla ya kugusa chochote inafaa kufunga kitelezi kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD, ambacho humzuia anayesoma asiweze kuandika wala kufuta, kisha kuteua picha na kuchagua amri ya kunakili badala ya ile ya kuhamisha. Tofauti ya amri hizo mbili, ambazo kwenye skrini nyingi husomeka Copy na Move, ndiyo inayoamua usalama wa picha waya ukitikisika, kwa kuwa kunakili huiacha kadi kama ilivyokuwa hata kazi ikikatika, ilhali kuhamisha hufuta upande wa kadi kadiri picha zinavyokwenda, na kazi ikikatika humwacha mtu na mafaili yaliyogawanyika sehemu mbili bila orodha ya kilichofika.

Folda ya simu inayopokea picha haina budi kupewa jina litakaloeleweka baadaye, na jina linalofaa ni tarehe inayoanza na mwaka, ikifuatwa na alama ya kadi, mathalani `2025-08-14-kadi-A`. Sababu ni kwamba kamera huhesabu picha kuanzia 0001 hadi 9999 na kurudi mwanzo, na nyingine huanza upya kila kadi inapofomatiwa, hivyo picha mbili tofauti zinaweza kuwa na jina moja. Zikiingia katika folda moja simu itauliza kama faili la zamani lifutwe ili lipya likae mahali pake, na msafiri aliyechoka usiku hubonyeza ndiyo bila kusoma. Kazi yenyewe ya kunakili si ndefu. Kisoma kadi cha kawaida kikipitisha megabaiti 25 kwa sekunde, gigabaiti 12 za siku moja ya Kilwa humalizika kwa dakika nane hivi.

Wapo wanaoepuka waya wote na kutumia waifai ya kamera yenyewe, ambapo kamera hurusha mtandao wake mdogo na programu ya mtengenezaji iliyo kwenye simu huzivuta picha. Njia hii inafaa kwa kutuma picha moja kwa familia, lakini kwa kazi ya kuhifadhi ina kasoro inayostahili kuelezwa wazi. Programu kadhaa za namna hiyo, SnapBridge ya Nikon ikiwa mfano mmojawapo, zina mpangilio wa kutuma nakala ndogo ya megapikseli 2 badala ya picha kamili, na kamera nyingi hazitumi picha ghafi kwa njia hiyo kabisa. Kwenye skrini ya simu picha ya megapikseli 2 inapendeza na haina dalili yoyote ya upungufu, lakini mwenye picha aliyepiga kwa megapikseli 24 atakuwa amebaki na sehemu moja tu ya kumi na mbili ya alichonasa. Atakayeifuta kadi kwa kuamini nakala hizo hatalitambua kosa hadi siku atakapotaka kuchapa picha kubwa ya ukutani.

Ungio la pili, lile la simu na wingu, ndilo linalokula muda, na hapa makosa mengi huanza katika hesabu. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa mafaili hutajwa kwa megabaiti, na baiti moja ni sawa na biti nane, hivyo mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde hupeleka nusu megabaiti tu kwa kila sekunde. Tena, kasi inayotangazwa kwa kawaida ni ile ya kupakua, yaani kuleta vitu kwenye simu, ilhali mpiga picha anahitaji kupakia, yaani kutoa vitu kwenye simu, upande ambao mitandao ya simu huupa nafasi ndogo zaidi. Njia rahisi ya kuipima kasi halisi ya mahali ni kupakia picha kumi za JPEG, ambazo kwa pamoja ni megabaiti 100, huku saa ikitazamwa. Zikichukua dakika tatu na theluthi, kasi ya kupakia ni megabiti 4.

Kwa kasi hiyo, gigabaiti 3.5 za JPEG za siku moja zitachukua karibu saa mbili, na gigabaiti 8.75 za picha ghafi zitachukua karibu saa tano nyingine, hivyo kupeleka vyote ni kazi ya saa saba kila usiku, umeme na mtandao vikiwa havijakatika hata mara moja. Kwa msafiri wa kawaida mpango huo hautekelezeki, na iliyo bora ni kupanga kipaumbele. JPEG zote za siku hutangulia, kwa sababu ndizo zinazohakikisha kwamba hakuna tukio litakalopotea kabisa, kisha mpiga picha huchagua picha ghafi zilizo muhimu, tuseme 60 za ndani ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ambazo kwa gigabaiti 1.5 humalizika baada ya dakika 50. Kazi ya usiku inakuwa chini ya saa tatu, na picha ghafi zilizobaki husubiri kwenye kadi hadi mtandao wenye kasi utakapopatikana Dar es Salaam. Mgawanyo huu hurahisishwa na ukweli kwamba majina ya mafaili hayo mawili hulingana, yakitofautiana katika herufi za mwisho tu, hivyo aliyechagua picha katika JPEG huipata ghafi yake bila shida.

Gigabaiti 5 za kila usiku zina gharama nyingine mbili. Ya kwanza ni ya bando, kwa kuwa kupakia hukatwa kwenye kifurushi cha data sawasawa na kupakua. Ya pili ni ya nafasi huko winguni. Akaunti ya bure ya Google hupewa gigabaiti 15, na tangu Juni 1, 2021 nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe za Gmail, mafaili ya Google Drive na picha za Google Photos kwa pamoja, ilhali iCloud ya Apple hutoa gigabaiti 5 tu bila malipo. Msafiri wa mfano huu, hata akianza na akaunti tupu ya Google, ataijaza usiku wa tatu, na akaunti iliyojaa haizuii picha peke yake, kwani Gmail nayo huacha kupokea barua, na anayesubiri tiketi ya ndege au jibu la mwenye nyumba ya wageni huenda asijue kwa nini halijafika. Nafasi ya ziada hununuliwa kabla ya safari, wakati malipo yanaweza kushughulikiwa kwa utulivu.

Baada ya hesabu huja mipangilio, ambayo huzuia kazi bila kelele. Google Drive ina mpangilio unaoruhusu mafaili yasafiri kwa waifai pekee, na ukiwa umewashwa, mafaili yaliyoteuliwa kwa data ya simu hupangwa foleni na kubaki hapo. Google Photos nayo huomba ruhusa ya pekee ya kutumia data ya simu, na juu ya hilo, kwenye Android, folda iliyoundwa na mwenye simu haipakiwi mpaka iteuliwe katika orodha ya folda zinazohifadhiwa. Kizuizi cha tatu ni mfumo wa kuokoa betri, ambao katika simu nyingi huifunga programu inayofanya kazi nyuma ya skrini iliyozimika, hivyo msafiri huacha simu ikipakia saa tatu usiku, hulala, na alfajiri hukuta picha 40 tu ndizo zilizokwenda. Programu ya kupakia hutolewa katika orodha ya zinazobanwa, simu huachwa kwenye chaji, na kwa iPhone ni salama zaidi programu isiyo ya Apple iachwe wazi skrini ikiwa inawaka.

Suala la ubora nalo hujitokeza hapa kwa mara ya pili. Google Photos humpa mtumiaji chaguo mbili, ya kwanza ikiwa Original quality, inayohifadhi faili kama lilivyo, na ya pili Storage saver, inayolibana faili na kuipunguza picha yoyote iliyozidi megapikseli 16 hadi kufikia kiwango hicho. Kwa picha za simu zinazotumwa na kusahauliwa chaguo ya pili inaweza kutosha, lakini kwa kazi ya kamera ni upotevu usio na sababu. Kwa kweli, kwa kazi hii hifadhi ya mafaili ya aina ya Google Drive, Dropbox au OneDrive inafaa kuliko albamu ya picha, kwa kuwa huonyesha kila faili kwa jina na ukubwa wake, huitunza folda ya kila siku kama ilivyopangwa, wala haibadilishi chochote. Albamu imetengenezwa kwa ajili ya kutazama, na uzuri wake katika kutazama ndio unaoficha mambo ambayo mhifadhi anahitaji kuyaona.

Uhakiki wenyewe huanza kwa kulinganisha idadi. Folda ya kadi ikiwa na mafaili 350 ya JPEG na folda ya wingu ikiwa na 347, matatu hayajafika, na kwa kuwa kupakia mara nyingi hufuata mpangilio wa orodha, inafaa kutazama kwanza mwishoni. Baada ya idadi hufuata ukubwa, ambapo mafaili machache hufunguliwa kwenye kivinjari cha intaneti badala ya programu ya simu, na maelezo ya kila moja husomwa. Picha iliyokuwa na megabaiti 10.4 kwenye kadi haina budi kuwa na 10.4 winguni, na vipimo vyake vya pikseli, ambavyo kwa kamera ya megapikseli 24 huwa takriban 6000 kwa 4000, viwe vilevile. Kivinjari kina faida kwa sababu programu ya simu inaweza kuonyesha nakala iliyo ndani ya simu yenyewe na kumfanya mtu aamini kwamba anatazama iliyo winguni. Ikiwa hilo bado linatia shaka, simu hukatwa mtandao kwa muda, na picha zitakazoendelea kufunguka kwa ukali wake wote bila intaneti ni dhahiri kwamba zinatoka ndani ya simu.

Kwa aliyezoea kuandika amri, simu ya Android inaweza kufanya uhakiki wa kina zaidi kupitia programu ya Termux, ambamo huwekwa chombo kiitwacho rclone. Chombo hicho hulinganisha folda ya simu na folda ya wingu kwa ukubwa wa kila faili na kwa alama ya uhakiki, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili, ambayo hubadilika hata baiti moja ikibadilika. Baada ya Termux kuruhusiwa kufikia hifadhi ya simu kwa amri ya `termux-setup-storage`, na akaunti kuunganishwa kwa amri ya `rclone config` na kupewa jina, mathalani wingu, ulinganishaji wa folda ya Kilwa, inayobeba folda za kila siku na iliyo chini ya DCIM ya simu, huandikwa hivi:

```
rclone check ~/storage/dcim/Kilwa wingu:Kilwa --one-way
```

Jibu likisomeka `0 differences found`, kila faili lililo kwenye folda ya simu lipo winguni, na ukubwa na alama zake vinalingana. Ikumbukwe tu kwamba ulinganishaji huo ni wa simu na wingu, si wa kadi na wingu, hivyo faili lililokatika tangu ungio la kwanza litalinganishwa na nakala yake iliyokatika na kuonekana zima. Ndiyo maana idadi na ukubwa wa folda nzima ya kadi na ya simu hulinganishwa mara tu kunakili kunapomalizika, kadi ikiwa bado iko mkononi.

Kosa linalosikitisha kuliko yote hutokea baada ya kila kitu kufika salama, pale simu inapojaa na msafiri anapofuta picha ili kupata nafasi. Huduma za iCloud Photos na Google Photos haziifanyi simu na wingu kuwa hifadhi mbili zinazojitegemea, bali huzilinganisha daima, hivyo picha iliyofutwa katika programu hizo kwenye simu hufutwa pia winguni. Ipo nafasi ya kujirudi, kwa kuwa iCloud huiweka picha iliyofutwa kwa siku 30 na Google Photos huiweka iliyokwisha kupakiwa kwa siku 60 kabla ya kuiondoa moja kwa moja. Njia sahihi katika Google Photos ni amri ya Free up space, ambayo huondoa nakala za simu zilizokwisha kufika winguni na kuziacha za wingu, na katika iCloud ni mpangilio wa Optimise iPhone Storage. Anayetumia Google Drive hana tatizo hilo, kwa kuwa faili lililopakiwa humo halifungamani tena na lile la simu, na hii ni sababu nyingine ya kuipendelea hifadhi ya mafaili.

Wingu lenyewe lina mipaka isiyomtegemea msafiri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikapata intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo mpango wa kupakia usiku na kuifuta kadi asubuhi huvunjika mara moja, ilhali aliyebeba kadi za akiba huendelea kupiga picha na kusubiri. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyingine, na kwa msafiri mwenye simu pekee kanuni hiyo hutimia kwa kadi, simu na wingu, mradi picha zisifutwe kwenye simu kabla ya zilizo winguni kuthibitishwa.

Upo pia mlango ambao wengi husahau kuuandalia ufunguo. Akaunti nyingi za wingu leo hufunguliwa kwa nywila pamoja na uthibitisho unaotumwa kwenye simu, na simu ikiibwa stendi, picha zitakuwa salama winguni huku mwenyewe akishindwa kuzifikia. Google hutoa namba kumi za akiba, kila moja ikiwa na tarakimu nane na ikitumika mara moja tu, ambazo huandikwa kwenye karatasi kabla ya safari na kuwekwa kwenye begi tofauti na simu.

Inapofika siku ambayo kadi haina budi kutumika tena, mpangilio wa kufuta huanzia kwenye kadi ya zamani kuliko zote ambayo folda yake imehakikiwa, na kazi hiyo hufanywa ndani ya kamera kwa amri yake ya kufomati, wala si kwenye simu, kwa sababu kamera hujenga upya folda ya DCIM kwa namna inayoitegemea yenyewe. Kitelezi kilichofungwa mwanzoni hufunguliwa wakati huo tu. Ikigundulika baadaye kwamba picha fulani haikufika, kadi huondolewa kwenye kamera papo hapo na kutotumika tena hadi itakapofikishwa kwenye kompyuta yenye programu ya kurejesha mafaili, kwa kuwa kufomati kwa kawaida hufuta orodha tu, ilhali picha mpya zinazopigwa juu yake ndizo zinazofuta zile za zamani zenyewe.